Kipimo cha macho kwa simu: umbali na jicho mojamoja

"Nimempima mwanangu wa miaka 8 macho kwa simu, imeonyesha 6/6. Niamini?"

Ndugu yangu, 6/6 ni uoni wa kawaida, na namba ya pili ikikua jicho linaona vibaya zaidi. Yaamini matokeo hayo ikiwa ulipima umbali kwa futi kamba na kuziba jicho mojamoja. Peek Acuity, programu ya simu ya kupima macho, ilijaribiwa Nakuru, Kenya, na matokeo yaliyochapishwa 2015 yalikaribiana na ya chati ya ukutani. Lakini huko mpimaji alisimama mita 2 kamili kutoka kwa anayepimwa. Mtoto akisogea hadi mita 1, herufi E anayoitazama kwenye simu humwonekea kubwa mara mbili, na jicho la 6/12 litasomeka 6/6 bila simu kugundua lolote.

Kosa la pili hunitia hofu zaidi. Binti wa dada yangu alipata 6/6 kwa macho yote mawili, kumbe alipozibwa jicho la kulia kwa kiganja, si kwa vidole ambavyo watoto huchungulia katikati yake, la kushoto lilipata 6/18. Jicho zembe la namna hiyo hutibika vizuri zaidi utotoni.

Hata 6/6 halisi haiondoi tatizo la kuona vitu vya karibu, kwa kuwa mtoto huweza kukaza macho akafaulu. Kwa hiyo akiumwa kichwa anaposoma, mpeleke kliniki ya macho.