Mikono mingapi kwa dakika? Namna ya kupata kasi yako ya mita 400

Mama mmoja wa Kisumu ameniandikia kuhusu binti yake wa miaka 14. "Dada," anasema, "kocha wake anamhimiza arefushe mkono. Alikuwa anavuka bwawa kwa mikono 20, sasa anavuka kwa 15, na kila mtu anamsifu. Lakini mita 400 zake za fristaili zimeongezeka sekunde nane. Kuna nini?"

Ujumbe huu umenigusa mahali ambapo bado panauma. Nilipoanza kuogelea mashindano hapa Nakuru, nilikuwa na kocha aliyesimama ukingoni akihesabu mikono yetu kwa sauti. Aliyevuka kwa mikono michache ndiye aliyepewa leni ya kwanza. Mimi nilikuwa mfupi, mikono yangu inazunguka haraka, kwa hiyo leni yangu ilikuwa ile ya pembeni karibu na watoto. Aliniambia mbele ya wenzangu kwamba ninapigana na maji. Nikajifunza kuteleza, mkono mmoja mbele, nikingoja. Hesabu ikashuka na sifa zikaja, lakini saa ya ukutani haikunisifu hata mara moja. Leo nina umri wa kuwa mama wa wale wasichana ninaoshindana nao, na mwezi uliopita niliogelea mita 400 bora kuliko zote za maisha yangu. Kwa hiyo nitasema wazi ninachokijua.

Mwendo wa muogeleaji una sehemu mbili tu. Kuna kasi ya mikono, yaani mikono mingapi unavuta kwa dakika. Kuna umbali wa mkono, yaani mita unazosonga kila unapovuta mara moja. Zidisha moja kwa nyingine upate mita unazokwenda kwa dakika. Anayehesabu mikono ya kuvuka bwawa peke yake amepima nusu ya jambo.

Mtazame binti wa Kisumu. Bwawa lao ni la mita 25, na akisukuma ukuta anaibuka kwenye mita ya 5, kwa hiyo anaogelea mita 20. Kwa mikono 20, kila mkono ulimpa mita 1. Mama alinitumia video za zamani na za sasa, nikapima. Zamani alikuwa akivuta mikono 70 kwa dakika, kwa hiyo alikwenda mita 70 kwa dakika. Sasa kila mkono unampa mita 1.33, na ni kweli umbali umekua, lakini kasi ya mikono imeshuka hadi 51. Zidisha: mita 68 kwa dakika. Mita mbili zilizopotea kila dakika, ukizijumlisha kwenye zile mita 20 anazoogelea kila mvuko, mara 16 kwa mita 400, zinakupa zile sekunde nane. Mtoto anafanya alichoambiwa, na amekifanya vizuri. Alichoambiwa ndicho chenye kasoro.

Kwa nini kuteleza kunagharimu? Maji yanakukinza wakati wote, na ukinzani huo hupanda kwa takribani mraba wa mwendo wako. Mkono ukiwa mbele umetulia na mwingine haujaanza kuvuta, hakuna kinachokusukuma isipokuwa miguu, na mwili unapungua mwendo mara moja. Mkono unaofuata unalazimika kwanza kurudisha mwendo uliopotea kabla ya kuongeza chochote. Kwenye video unaliona waziwazi: kichwa kinaenda, kinasita, kinaenda, kama matatu kwenye foleni. Ukiona kusita huko, ujue umbali wa mkono umenunuliwa kwa bei mbaya.

Upande wa pili nao una mtego wake. Ukizungusha mikono haraka kuliko unavyoweza kuyashika maji, kiwiko kinashuka, kiganja kinateleza, na unaona povu likifuata vidole. Umbali wa mkono unaanguka zaidi kuliko kasi inavyopanda. Katikati ya mitego hiyo miwili pana mahali pako wewe, na hapawezi kunakiliwa kutoka kwa mtu mwingine. Janet Evans, msichana mdogo wa mwili, alishinda mita 400 na 800 za fristaili Seoul mwaka 1988 kwa mikono iliyozunguka kama ya mtu mwenye haraka. Sun Yang, mtu wa karibu mita mbili, aliogelea mita 1500 London mwaka 2012 kwa dakika 14 na sekunde 31.02, kwa mikono mirefu ya taratibu. Nani alikuwa na mkono sahihi? Wote wawili. Mwambieni hivyo kocha yeyote anayetaka watoto 30 waogelee kwa hesabu moja.

Sasa kipimo chenyewe. Weka chupa mbili za maji ukingoni mwa bwawa, moja kwenye mita ya 10 na nyingine mita ya 20, ili nguvu ya kusukuma ukuta isiingie kwenye hesabu. Mwenzako apime sekunde za kichwa chako kutoka chupa hadi chupa. Gawanya 600 kwa sekunde hizo upate mita kwa dakika. Kisha apime kasi ya mikono: aanze saa mkono wa kulia unapoingia majini, aisimamishe mkono huohuo unapoingia mara ya tatu baada ya hapo. Hiyo ni mikono sita. Gawanya 360 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 5.6, kwa mfano, ni mikono 64 kwa dakika.

Mimi ninatumia kile kifaa kidogo kinachovaliwa chini ya kofia na kulia sikioni, mkono mmoja kwa kila mlio. Kwa mikono 64 kinawekwa 0.94, yaani 60 gawanya kwa 64. Kama huna, mwenzako atembee ukingoni akipunga mkono kwa mdundo wa simu. Filimbi haifai, chini ya maji huisikii vizuri.

Ogelea mita 50, upumzike mpaka pumzi irudi kabisa, kisha nyingine, ukipandisha mikono minne kila mara. Nilianzia 52 nikaishia 76. Kwa 52 nilivuka mita zangu 10 kwa sekunde 8.9, ambayo ni mita 67 kwa dakika, kila mkono ukinipa mita 1.30. Kwa 64 zikawa sekunde 7.9, mita 76 kwa dakika, na mkono umeshuka hadi 1.19. Ona kwamba mkono umefupika na mwendo umeongezeka; hapo ndipo kocha wangu wa zamani angenikaripia. Kwa 72 nilifika sekunde 7.6, mita 79 kwa dakika. Kwa 76 nikarudi 7.7. Mkono ulikuwa umebaki na mita 1.03 tu, na nilihisi viganja vikipita kwenye maji bila kushika kitu.

Wengi wakifika hapa wanafunga daftari na kutangaza kuwa namba yao ni 72. Hapana. Hiyo ni namba ya mita 50 za mtu aliyepumzika. Mita 400 zinataka kasi ambayo mkono wako utaivumilia bila kufupika, na hiyo inapimwa kwa uchovu.

Kwa hiyo kipimo cha pili ni mita 300 mfululizo, kwa mlio usiobadilika, kila kasi siku yake. Kwa 58 niliogelea kila mita 100 kwa dakika 1:26, jumla 4:18, na mikono ilibaki 17 kila nikivuka bwawa, mwanzo mpaka mwisho. Nilitoka majini nikiwa na nguvu, maana yake nilikuwa nimebakiza. Kwa 70 nilianza kwa 1:19 nikajiona malkia, mita 100 za pili zikawa 1:25, za tatu 1:31. Jumla 4:15. Mlio haukubadilika, lakini mikono ilipanda kutoka 19 hadi 22 kwa kila mvuko, na mabega yakawaka moto. Kwa 64 zilikuwa 1:22, 1:23, 1:24, jumla 4:09, na mikono ilitoka 18 hadi 19. Hiyo ndiyo kasi yangu ya mita 400, na ndiyo niliyoibeba mwezi uliopita.

Shikeni jambo hilo la kuhesabu mikono, kwa sababu hapa ndipo linapokuwa na kazi yake halali. Mlio ukiwa uleule, hesabu ikipanda mkono mmoja tu kwa mita 300, umeshika maji vizuri. Ikipanda mitatu, kasi hiyo imekushinda kwa sasa. Kuhesabu bila mdundo hakukuambii lolote, wazazi wangu, hata mkisifiwa vipi.

Kuna jambo moja la huku kwetu. Nakuru tuko karibu mita 1850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu wako 1130 hivi. Hewa yetu ni nyepesi, na kasi ya juu ya mikono inakumaliza mapema zaidi. Namba niliyoipata Nakuru ninaipima upya nikishuka Kisumu siku moja kabla ya shindano, kwa mita 200 tu, mara moja kwa kasi yangu ya kawaida kisha mara moja kwa kasi iliyopanda mikono miwili. Na usijinyime pumzi. Kwa mikono 64, ukivuta hewa kila mkono wa tatu unapata pumzi 21 kwa dakika. Ukivuta kila mkono wa pili unapata 32. Nimeona watoto wakilazimishwa kuvuta kila wa tatu ili wapendeze, kisha wanalaumiwa kwamba mikono imefupika baada ya mita 200. Waacheni wapumue.

Kwa mama wa Kisumu: usimrudishe binti kwenye mikono 70 kesho asubuhi. Ule umbali alioupata una thamani, usiutupe. Mwanzishe kwa 54 na apande mikono miwili kila wiki, huku ukiangalia zile mita 10 za katikati ya bwawa. Nadhani atatua kati ya 60 na 66 na mkono wa mita 1.15 au zaidi, lakini maji ndiyo yatakayosema. Na kwa kuwa bado anarefuka, rudieni vipimo vyote viwili kila likizo ya shule. Ukimaliza cha kwanza, nitumie sekunde za mita 10 na sekunde za mikono sita kwa kila kasi, nami nitakupigia hesabu.