Mnavu wa sokoni na mnavu wa shambani

"Mnavu ninaonunua sokoni Kampala na ule uliojiotea nyuma ya nyumba, ni mmea mmoja?"

Si lazima, ndugu, ingawa mwenzetu hapo juu amejibu kwamba yote ni Solanum nigrum. Jina mnavu, kama nsugga ya Waganda, linataja mboga, si spishi moja. Kwa mpishi, uchungu ukifanana yatosha. Ukitaka kujua ni mmea gani, subiri matunda yaive. Ya rangi ya chungwa ni Solanum villosum. Ya zambarau iliyokolea, tena makubwa, kwenye mmea wenye majani mapana, ni Solanum scabrum. Jina la kisayansi, tofauti na mnavu, hufungwa kwenye sampuli iliyokaushwa au mchoro, wa kulinganishia. Aliyesema hapo juu kwamba yote ni Solanum nigrum amepatia jenasi tu, yaani neno la kwanza, Solanum. Jina hilo hubandikwa ovyo hata vitabuni. Ukiwa na majani matupu, usikate shauri.