Kulinganisha matetemeko mawili: toa, usigawanye

Dodoma tuko jirani na Bonde la Ufa, kwa hiyo mabati yakicheza usiku wengi tunajua ni nini. Asubuhi yake swali ni moja tu: lilikuwa ngapi? Hapo ndipo hesabu zinapoharibika. Wanafunzi ninaowafundisha tuisheni wanajua logi za Kidato cha Pili vizuri, lakini ukiwapa tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 (5.9) na lile la Rukwa la Desemba 1910 (7.4), wengi wanagawanya 7.4 kwa 5.9, wanapata 1.25, kisha wanaandika kwamba la Rukwa lilizidi kwa robo.

Jibu hilo halina maana yoyote, kwa sababu 7.4 na 5.9 zenyewe tayari ni logi. Charles Richter alipotunga kipimo chake mwaka 1935 alichukua kimo cha wimbi linalochorwa na mashine ya kupimia mitetemo, akakigawanya kwa kimo cha tetemeko dogo la rejea, A₀, kisha akatafuta logi ya kizio 10:

M = log(A/A₀)

Ukiwa na logi mbili na unataka uwiano wa namba zenyewe, unatoa. A₀ inajifuta yenyewe, inabaki log(A₁/A₂) = M₁ − M₂. Kwa matetemeko yetu, 7.4 − 5.9 = 1.5. Fungua kitabu cha majedwali, upande wa antilogi, tafuta .50: utakuta 3162. Namba nzima ni 1, kwa hiyo jibu ni 31.62. Maana yake, mashine ileile ikiwa umbali uleule kutoka kwenye kitovu, kalamu yake ingepanda takriban mara 32 zaidi kwa tetemeko la Rukwa. Masharti hayo mawili msiyaruke. Mashine iliyoko Dodoma haiwezi kulinganishwa hivihivi na iliyoko Bukoba.

Kabla hujaendelea, soma swali tena: linauliza kimo au nishati? Watahiniwa hupoteza alama nyingi hapa kuliko kwenye antilogi yenyewe. Nishati, kwa jouli, ina kanuni yake:

log E = 4.8 + 1.5M

Wapo wanaotafuta nishati ya kila tetemeko peke yake, 10 kwa kipeo cha 13.65 kwa Kagera na 10 kwa kipeo cha 15.9 kwa Rukwa, halafu wanaanza kugawanya mijitarakimu. Si kosa, ila ni kujitesa. Ukitoa logi kwanza, ile 4.8 inaondoka na unabaki na 1.5 × 1.5 = 2.25. Antilogi ya .25 ni 1.778, namba nzima ni 2, jibu ni 177.8. Kwa hiyo tetemeko la Rukwa lilitoa nishati karibu mara 178 ya lile la Kagera. Ile robo ya mwanzo imeishia wapi?

Njia hii inafanya kazi hata ukigeuza swali. Nishati ikiwa mara mbili, ukubwa unatofautiana kwa kiasi gani? Log 2 ni 0.3010, gawanya kwa 1.5, unapata 0.2 hivi. Ndiyo maana nawashauri msidharau desimali. Tetemeko la Kagera lilitangazwa kwanza kuwa 5.7, baadaye likarekebishwa kuwa 5.9. Wengi waliona ni marekebisho madogo, kumbe makadirio ya nishati yalikuwa yameongezeka maradufu.

Angalia pia herufi zinazoambatana na namba. Mw ni ukubwa unaokokotolewa kutokana na eneo la ufa lililoteleza, umbali ulioteleza na ugumu wa mwamba. Mb na ML husomwa kwenye mawimbi. Usitoe mb kwenye Mw ukategemea jibu la maana, hasa tetemeko likiwa kubwa, kwa sababu mb hugoma kupanda hata kama nishati inaendelea kuongezeka.

Jambo la mwisho ni kwa wale wa magrupu ya WhatsApp. Uwiano wa nishati si uwiano wa madhara. Agosti 12, 2020 baharini, upande wa Mafia, kulitokea tetemeko la 6.0 lililosikika hadi Dar es Salaam. Tofauti na la Kagera ni 0.1, na 0.1 × 1.5 ni 0.15, ambayo antilogi yake ni 1.413. Lilikuwa na nishati zaidi kwa asilimia kama 41, lakini la Kagera ndilo lililoua watu zaidi ya kumi na kubomoa nyumba nyingi, kwa kuwa lilipiga karibu na makazi. Kitu ambacho logi haikuonyeshi ni umbali wa kitovu kutoka kwenye nyumba yako, aina ya udongo uliojengea, na kama ukuta wako ni wa tofali za udongo bila nondo.