Kufuli mfukoni: ninavyoonyesha nyumba nikiwa peke yangu

Ilikuwa Jumapili, saa tano asubuhi, Kiamunyi hapa Nakuru. Nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, iko peke yake kwenye ploti, mlango wa chuma, madirisha yote yana grili. Mimi ni ajenti wa nyumba za kupanga. Mteja alikuwa amenipigia Ijumaa, mpole, akauliza maji yanakuja siku ngapi kwa wiki na kama kodi inapungua. Nilijiona mwerevu. Jua linawaka, nimewasha Live location kwenye WhatsApp, na rafiki yangu wa kazi ananifuatilia akiwa mjini. Nikafungua, kufuli nikaliacha likining'inia kwenye komeo la nje, ufunguo ndani yake, nikaingia.

Mteja akatangulia hadi chumba cha mwisho. "Madam, hebu njoo uone, huu ukuta unavuja?" Nikaenda. Nilipogeuka, mwanamume wa pili alikuwa amesimama kwenye korido. Mengine nitayaacha. Walichukua simu, wakataka PIN ya M-Pesa wakapewa, wakaizima simu, wakatoka, nami nikasikia kufuli langu mwenyewe likibanwa kwa nje.

Nilipiga kelele karibu saa nzima. Majirani walikuwa kanisani. Aliyenisikia ni kijana aliyekuwa akipitisha mbuzi. Na rafiki yangu? Alikuwa akiangalia ramani wakati huo wote. Alama yangu ilitulia palepale kwenye nyumba, naye akadhani bado namzungusha mteja.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea kuhusu hiyo alama. Simu ikizimwa, au bando ikiisha, haipotei. Inabaki mahali pa mwisho ilipoonekana, na kwa mtu anayetazama haraka inafanana kabisa na ajenti aliyesimama sebuleni akieleza habari za tanki. Anayekufuatilia lazima aguse ramani aone imesasishwa lini. Ikiwa ni dakika nyingi zilizopita, hajui uko wapi, anajua ulikuwa wapi. Tena kwenye nyumba za zege, hasa ghorofa ya chini, mtandao hufifia wenyewe, kwa hiyo alama iliyoganda haimaanishi hatari kila mara. Ndiyo maana siitegemei peke yake tena. Ninapangana na mwenzangu saa ya simu.

Tunafanya hivi. Nikiwa bado steji, mahali penye mtandao, nawasha Live location ya saa moja. WhatsApp inakupa dakika 15, saa 1 au saa 8. Dakika 15 humalizika mteja akiwa bado anasema "niko karibu", na saa 8 inamaliza chaji, tena mwenzako anazoea alama hadi haioni. Nasubiri aniambie ameniona nikisogea. Kisha namtumia SMS ya kawaida, isiyohitaji bando: jina la mteja, nambari yake, nambari ya gari kama analo, na nyumba ni ipi hasa. Ramani haijui ghorofa. Ukiwa kwenye fleti ya Section 58, alama itamfikisha mtu getini tu, kwa hiyo naandika "ghorofa ya tatu, mlango wa kijani, upande wa kushoto ukipanda". Mwisho naandika saa. Nikiingia saa nne na dakika kumi, ananipigia saa nne unusu. Nisiposhika, anapiga tena mara moja, kisha anampigia keteka, yule msimamizi wa ploti, ambaye nambari yake anayo tayari. Nikishika na kumuuliza, "Mama ametoka hospitali?", basi hajibu chochote cha maana, anakata na kuanza kutafuta watu. Nilichagua swali hilo kwa sababu hata mteja akilisikia halimshtui.

Sasa kuhusu saa. Nilikuwa nimefundishwa "usionyeshe nyumba usiku", basi. Lakini mimi niliibiwa mchana kweupe. Kinachokulinda si jua, ni watu walio karibu. Jumapili kabla ya saa saba mtaa mzima uko ibadani. Jumanne saa nne mitaa ya wafanyakazi kama Naka inakuwa tupu, na geti zimefungwa. Jumamosi kuanzia saa nne hadi saa sita ndiyo saa yangu: nguo zinaanikwa, watoto wako nje, kuna mtu anaosha gari. Msimu wa mvua siweki miadi ya alasiri kwenye nyumba za mabati, kwa sababu mvua ikipiga paa, hata ukipiga mayowe jirani wa ukuta mmoja hakusikii.

Jioni ina ubaya wake mwingine. Nyumba isiyo na mpangaji mara nyingi haina tokeni za stima. Huku kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili unusu, na ndani ya nyumba giza linaingia kabla ya hapo. Ukijikuta unamulikia mteja bafu kwa tochi ya simu, ujue simu hiyo si rahisi kuitumia kupiga wakati huohuo.

Na mlango. Siku hizi kufuli na ufunguo vinaingia mfukoni mwangu kabla sijakanyaga ndani. Mlango naufungua hadi ukutani, naweka jiwe. Mteja ndiye anayetangulia, mimi nabaki karibu na mlango na kumwelekeza kwa mdomo: "Jikoni ni kulia, choo mwisho." Akiniita chumbani, namwambia apige picha aniletee. Kwenye nyumba yenye grili kila dirisha, mlango huo ndio njia pekee ya kutoka, na sitaki mtu asimame kati yangu nao. Mwendesha boda wangu nampa shilingi 100 zaidi asubiri akiwa anaonekana, injini imezimwa, asiende kutafuta abiria mwingine.

Mwezi uliopita alinipigia bwana mmoja kutoka Eldoret. Alitaka nyumba Lanet, na alitaka kuiona siku hiyohiyo saa kumi na mbili unusu, akipita kuelekea Nairobi. Nikamwambia jioni sionyeshi, aje Jumamosi saa nne, atume ada ya kuona nyumba, 500, kutoka nambari yake mwenyewe ili nione jina. (Jina la M-Pesa lina mipaka yake, laini inaweza kuwa ya mtu mwingine. Lakini jina lisilolingana na lile alilojitambulisha nalo linanipa swali la kumuuliza kabla ya kutoka nyumbani.) Akakasirika. "Kwani unanionaje, madam?" Kisha akauliza nitakuja na nani. Nikamjibu, "Na keteka." Keteka kweli nilikuwa nimemwambia, lakini hata kama hayupo jibu langu ni hilo.

Wateja wengine hupotea hapo, na kamisheni inaenda nao. Huyu pesa ziliingia usiku, jina likalingana. Jumamosi tukakutana steji, si kwenye nyumba. Alitaka niingie kwenye gari lake nimwelekeze, nikamwambia afuate boda. Alikuja na mkewe. Tulipofika, mama huyo aliniona nikitia kufuli kwenye mfuko wa sweta, akaniuliza kwani nini. Nikamsimulia kidogo habari za Kiamunyi. Akamgeukia mumewe, akamwambia, "Tangulia wewe, sisi tutabaki hapa mlangoni."