Msalaba uko sawa, fremu bado haijakaa skwea?

"Fremu yangu ni sentimita 120 kwa 90, nimepima kona kwa kona zote mbili 150, ila shata haifungi vizuri, kosa liko wapi?"

Pima na pande mkuu, msalaba peke yake hautoshi. Fremu ikiwa imebana juu na kupanuka chini sawasawa kulia na kushoto, misalaba inatoka sawa kabisa na skwea hakuna. Kwa hiyo juu na chini zilingane, kulia na kushoto zilingane, ndo msalaba uwe na maana.

Yako ya 120 kwa 90 ikiwa safi msalaba ni 150 kamili, sasa nahisi juu una 119 na kitu, pima ndani kwa ndani maana nje mshono wa welding unadanganya tepu.

Jamaa hapo juu anayesema kata upande mrefu, hapana, hiyo ni kama pande zimetofautiana. Pande zikiwa sawa halafu msalaba mmoja 150.4 mwingine 149.6, bana ule mrefu kona kwa kona ushuke nusu ya tofauti tu, yaani milimita 4, mwingine unapanda wenyewe. Fanya hivyo ukiwa umeshika kona kwa nukta tu, ukishachoma mshono mzima haisogei kirahisi na moto unavuta tena.

Mimi ya kwanza hapa Mwanjelwa nilirudishiwa na mteja, kumbe fremu ilijipinda, kona moja imeinuka. Hiyo tepu haikuonyeshi, ilaze mezani uone kama inacheza.