Unapokabidhi dashibodi, anza na namba moja

Nikirithi dashibodi ya mtu mwingine, huchagua kwanza namba moja, ile inayotajwa kila kikao, kisha nikatafuta kwenye hati ya makabidhiano jinsi inavyohesabiwa. Mara nyingi nakuta mstari kama huu: "Wateja hai: wateja walionunua ndani ya mwezi." Ni kweli, lakini haunisaidii kitu. Mtu amenunua oda ikiwekwa au malipo yakiingia? Aliyerudishiwa fedha yumo? Na mwezi wenyewe unaanza saa ngapi?

Hilo la mwisho linasikika kama utani, ila ndilo linalozusha ubishi na watu wa uhasibu. Hifadhidata nyingi hutunza muda kwa UTC. Kama biashara iko saa 3 mbele ya UTC, mteja aliyelipa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai ameandikwa `2024-06-30 22:30`. Kwa mhasibu, huyo ni wa Julai. Kwa dashibodi isiyorekebishwa, ni wa Juni. Kwa hiyo usiishie kwenye maneno. Bandika na hoja yenyewe ya SQL inayoitoa namba hiyo:

```sql
SELECT COUNT(DISTINCT customer_id)
FROM orders
WHERE status = 'paid'
  AND is_test = false
  AND created_at >= '2024-05-31 21:00'
  AND created_at <  '2024-06-30 21:00';
```

Chini yake eleza sababu ya kila sharti, kwa sababu hoja inaonyesha kinachofanyika bila kusema kwa nini. Hapo 21:00 ni usiku wa manane wa kwetu ukiandikwa kwa UTC. `is_test` inaondoa akaunti ambazo wahandisi hutumia kujaribu malipo. `created_at` ni muda oda ilipowekwa, si ilipolipwa. Kama mlichagua hivyo kwa makusudi, sema nani alikubali na lini. Mrithi wako akiukuta uamuzi usio na mwenyewe ataudhania kosa, na siku moja atausahihisha.

Sharti la `status` linahitaji aya yake. Katika mifumo mingi, mteja akirudishiwa fedha mstari wake haufutwi, hali yake tu inabadilishwa kutoka `paid` kuwa `refunded`. Maana yake namba ya Juni iliyosomwa mapema Julai inaweza kupungua baadaye, na hakuna aliyeharibu kitu. Mchambuzi mgeni akiulizwa kwa nini ripoti ya mwezi jana imebadilika, atatafuta hitilafu ambayo haipo. Andika waziwazi kwamba namba hii haigandi, na kama uongozi unataka iliyoganda, taja nakala inatunzwa wapi na inachukuliwa siku gani.

Ongeza pia onyo kuhusu kujumlisha. Mteja aliyenunua katika siku tatu tofauti anahesabiwa mara moja kila siku, lakini kwa mwezi ni mmoja tu. Ukijumlisha namba za siku hupati ya mwezi. Kuna mtu atazijumlisha kwenye Excel, tena atakuja akiwa na uhakika.

Kwenye vyanzo vya data, kutaja jedwali la `orders` ni sehemu rahisi. Kinachosahaulika ni faili dogo la kando, kama lile la Excel linalopanga wateja kwa kanda, ambalo mtu fulani hulijaza kwa mkono. Andika liko wapi, nani analijaza, na mteja asiyemo anaangukia wapi. Kama muunganisho unawaacha nje wasiomo, jumla ya kanda itakuwa ndogo kuliko jumla kuu, na pengo litakua kadiri wateja wapya wanavyoongezeka.

Kisha angalia usasishaji unatumia akaunti ya nani. Kwenye Power BI, kwa mfano, ukiwa umeunganisha chanzo kwa akaunti yako, siku akaunti hiyo itakapofungwa usasishaji utashindwa, huku kurasa zikiendelea kuonyesha data ya mwisho iliyoingia. Wasomaji hawaoni tofauti. Hamisha umiliki kabla hujaondoka, na weka kwenye ukurasa wa kwanza kadi ya `MAX(created_at)` ili data iliyokwama ijulikane kwa kutazama.

Mwisho, ungali ofisini, mpe mrithi wako hati hiyo na umwombe aipate namba ya mwezi mmoja uliopita bila kukuuliza neno. Muwe na namba ya kulinganishia, pamoja na tarehe uliyoisoma. Akipungukiwa kidogo, angalieni kwanza waliorudishiwa fedha tangu tarehe hiyo. Akizidi, huenda akaunti za majaribio zimepenya. Kila swali atakaloshindwa kujizuia kukuuliza, liandikeni jibu lake kwenye hati hapohapo.