Kabla ya kununua feni, tafuta mahali pa kihisi joto

Anayejenga kitalu nyumba kwa mara ya kwanza huku Lindi na Mtwara huanza kwa kuuliza ukubwa wa feni. Swali la kwanza lingekuwa: joto litapimwa wapi? Feni, mota ya madirisha na neti ya kivuli vyote vinatii namba moja, na namba hiyo ikiwa ya uongo, mtambo mzima utafanya kazi kwa bidii katika mwelekeo usio sahihi.

Tuchukue kitalu nyumba cha nyanya pale Mikindani, upana mita 8, urefu mita 15, kimo cha wastani mita 3. Kihisi kimefungwa juu ya nguzo, karibu na mlango, na jua linakipiga. Saa nane mchana kinasoma nyuzi 38 wakati hewa kwenye majani ni 34. Jua limepasha joto kihisi chenyewe, si hewa. Feni itawaka asubuhi mapema na kuzimwa jioni, na bili ya umeme itakuambia kabla mimea haijakuambia.

Kitundike katikati ya kitalu, usawa wa ncha za mimea, na ukipandishe kadiri nyanya zinavyorefuka. Kiweke ndani ya bomba jeupe la PVC la inchi 2, nalo liwe ndani ya jingine jeupe la inchi 4, yote yamelala. Mwishoni mwa bomba funga kifeni cha volti 12, kama kile cha kompyuta, kinachovuta hewa ipite kwenye kihisi kwanza. Kikisukuma badala ya kuvuta, joto la mota yake litaingia kwenye kipimo. Kujaribu ni rahisi: mchana wa jua kali, kinga bomba kwa kipande cha boksi kwa dakika 10, bila kuziba njia ya hewa. Kipimo kikishuka zaidi ya nyuzi 1, kinga yako haitoshi.

Usikiweke karibu na feni kubwa wala karibu na dirisha linaloingiza hewa. Hewa inayovutwa hupata joto njiani, hivyo upande wa feni ndio wenye joto kuliko wote. Kihisi kikikaa upande wa kuingilia, kitasema mambo ni shwari huku maua ya nyanya yakipukutika upande wa pili.

Kihisi cha pili kiwe nje, kivulini, kwenye kinga kama hiyo. Wengi hukiacha, na hapo ndipo wanapokosea zaidi. Feni haiwezi kushusha joto chini ya lile la nje. Ukiiamuru kuzima kwa nyuzi 28 wakati nje ni 32, haitazima mchana kutwa. Iamuru kwa tofauti: iwake ndani ikizidi nje kwa nyuzi 3, izime tofauti ikifika 1.5. Pengo hilo pia linaizuia kuwaka na kuzima kila dakika, jambo linalochoma kontakta, yaani swichi ya umeme inayowasha feni.

Feni iwe ya mwisho katika foleni. Kwanza madirisha ya paa, kwa sababu hewa ya moto hupanda yenyewe bure. Kile kifungua dirisha cha nta, ambayo hupanuka kwa joto na kusukuma dirisha, kinachouzwa kwa nchi za baridi hakitufai. Huanza kufungua kati ya nyuzi 15 na 25, na usiku wetu wa pwani mara nyingi hauteremki chini ya 20, kwa hiyo kitabaki wazi karibu muda wote. Tumia mota yenye swichi za kikomo pande zote mbili, zinazoisimamisha dirisha likishafunguka au kufungika kabisa. Kisha neti ya kivuli, na iwe juu ya paa kwa nje. Neti nyeusi ikiwa ndani hunyonya jua na kuwa jiko juu ya mimea.

Sasa feni. Ujazo ni mita za ujazo 360, na lengo ni kubadili hewa yote kila dakika, yaani mita za ujazo 6 kwa sekunde. Hewa ikiingia kwa mita 1.5 kwa sekunde, unahitaji uwazi wa mita za mraba 4. Neti ya wadudu huziba sehemu kubwa ya njia, hivyo zidisha mara mbili: ukanda wa mita 1 kwenye ukuta wote wa mita 8, upande ulio mkabala na feni. Feni ikiwaka, madirisha ya paa yafungwe, la sivyo itavuta hewa ya karibu na kuacha ya mbali imetuama.

Hapo ndipo kuna hatari moja. Umeme ukikatika madirisha yakiwa yamefungwa, joto hupanda ndani ya dakika chache. Mota ya madirisha iendeshwe na betri, na kidhibiti kiyafungue mara umeme wa feni unapopotea.